Vidole vya mjomba, na bakteria tuliyemrithi

Mjomba alikaa wiki tatu bila kumwambia mtu. Alikuwa mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu sugu. Kikohozi kilikuwa kimekwisha, suruali zimeanza kumkaa tena, na nyumba nzima tulikuwa tumeanza kulala usingizi. Kumbe yeye halali. Usiku alikuwa anatoa miguu nje ya shuka, kwa sababu shuka lenyewe lilikuwa linamuunguza. Nilijua siku niliyomkuta uani, amekaa kwenye kigoda, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji.

"Shikamoo mjomba. Miguu imefanyaje?"

"Marahaba mwanangu. Inawaka. Hivi vidole ni kama nimekanyaga makaa, halafu ukivigusa sisikii kitu."

Nikamgusa kidole gumba kwa kucha. Kweli hakusikia.

"Usiende kuwaambia," akasema. "Wataniachisha dawa, na mimi ndiyo kwanza nimepata nafuu."

Nilikwenda kuwaambia. Walipompima, damu ilikuwa imeshuka kutoka 12 hadi 8. Daktari aliangalia orodha ya dawa zake nne, akaweka kalamu juu ya moja, linezolidi. Akaisimamisha kwa muda, baadaye akairudisha kwa nusu ya kipimo, miligramu 300 badala ya 600. Nilimuuliza dawa ya mapafu imefikaje kwenye vidole vya miguu. Alikuwa na foleni ndefu nje, akanijibu kwa maneno matatu tu, "Inagusa mitokondria zake," akaita mgonjwa mwingine.

Mimi nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba mitokondria, vyumba vya kuzalisha nishati ndani ya seli, na kloroplasti, vyumba vya kijani vya mimea, zilitokana na bakteria waliomezwa na seli nyingine zamani sana, na ushahidi ni kwamba zina DNA yao ya duara na ribosomu za 70S kama za bakteria. Wanafunzi wanakariri, wanaandika kwenye mtihani, wanapata alama zao. Nami nilikariri hivyo hivyo. Siku ile kwenye benchi la kliniki ndipo nilipoelewa kwamba jambo ninaloandika ubaoni ndilo lililokuwa linamuunguza mjomba, na tangu hapo sifundishi tena kipengele hiki kwa mistari miwili.

Ribosomu ndiyo mashine inayotengeneza protini. Inasoma ujumbe ulioandikwa kwa RNA na kuunganisha asidi za amino moja baada ya nyingine, kama fundi anayetunga shanga kwa kufuata karatasi ya mteja. Imegawanyika vipande viwili, kikubwa na kidogo, na uti wa mgongo wa kila kipande ni uzi mrefu wa RNA uliojikunja, protini zikiwa zimeuzunguka. Pale ambapo shanga moja inafungwa kwenye nyingine, ndani ya kipande kikubwa, pana uwazi mdogo uliojengwa kwa RNA hiyo. Linezolidi inaingia kwenye uwazi huo na kukaa. Shanga inayofuata haipati pa kukaa, na kazi inasimama. Bakteria wa kifua kikuu asiyeweza kutengeneza protini hawezi kukua.

Seli zetu nazo zina ribosomu, mamilioni yake, zimejaa kwenye sitoplazimu, ule ujiuji unaojaza seli. Dawa haizigusi, maana uwazi wao umejengwa tofauti kidogo. Hiyo ndiyo siri ya antibayotiki za aina hii, kwamba mgonjwa na mdudu wote wana mashine ya kazi ileile, lakini tundu la ufunguo si moja. Mjomba angekuwa na ribosomu hizo za sitoplazimu peke yake, angekunywa linezolidi na vidole vyake visingejua.

Tatizo ni kwamba ndani ya kila mitokondria kuna ribosomu nyingine, na tundu lake linafanana na la bakteria. Si sawasawa, ila linafanana vya kutosha kwa dawa kuingia.

Sasa angalia madhara yanavyokuja kwa mpangilio. Mitokondria ya binadamu ina DNA ya duara yenye herufi 16,569, iliyosomwa yote mwaka 1981 huko Cambridge. Humo mna jeni 37 tu. Kati ya hizo, 13 ni za protini, na zote 13 ni vipuri vya mtambo unaotumia oksijeni kutengeneza nishati. Zilizobaki ni za RNA za kuzitengenezea protini hizo. Kwa hiyo ukizima ribosomu ya mitokondria hujamnyima mtu protini kwa jumla, umemnyima vipuri 13 vya mtambo mmoja. Mtambo uliopo unaendelea kufanya kazi mpaka vipuri vyake vichakae, ndiyo maana wiki za kwanza mgonjwa hasikii chochote. Uboho wa mifupa, unaozalisha seli mpya za damu kila saa, ndio unaokwama mapema, na damu inashuka. Neva za miguuni zinafuata. Uzi mmoja wa neva unatoka karibu na uti wa mgongo kiunoni hadi ncha ya kidole, karibu mita nzima, na unahitaji nishati njia yote. Mwisho wa waya ndio unaozimika kwanza. Kwa wengine neva ya jicho nayo huathirika, ndiyo maana wanaotumia dawa hii wanaulizwa kila mara kama bado wanaona rangi vizuri. Na kwa wachache asidi ya laktiki inapanda kwenye damu, kwa kuwa seli zimerudi kuchoma sukari bila oksijeni.

Kwa hiyo daktari alikuwa amesema yote kwa maneno yale matatu.

Lakini mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita, binti mwenye tabia ya kutonyamaza mpaka aridhike, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo. Alisema, "Mwalimu, kufanana si lazima kuwe undugu wa kumezwa. Labda seli zetu zote zilianza na ribosomu za namna hiyo, ya sitoplazimu ikabadilika, ya mitokondria ikabaki ya kizamani. Hapo hakuna aliyemezwa."

Nilipokwenda kusoma nilikuta ameigusa hoja yenyewe iliyowagawa wanabaiolojia kwa miaka kadhaa. Lynn Margulis, wakati huo akiandika kwa jina la Lynn Sagan, alichapisha makala yake kuhusu asili ya seli zenye kiini, ya kutetea hoja ya kumezwa, mwaka 1967, baada ya kukataliwa na majarida kama kumi na tano. DNA ilikuwa imeshaonekana ndani ya kloroplasti na mitokondria miaka michache kabla, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilikuwa inajulikana kwamba antibayotiki zinazosimamisha bakteria zinasimamisha pia utengenezaji wa protini ndani ya mitokondria. Bado mwaka 1972 Rudolf Raff na Henry Mahler waliandika kwamba mitokondria ingeweza kuzaliwa ndani ya seli yenyewe na kuhifadhi tabia za kale. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Kwa ushahidi uliokuwepo mezani siku hizo, ilikuwa inasimama.

Nilimweleza yule binti hivi. Chukua nyumba moja Kigoma ambamo mtoto mmoja anazungumza Kiswahili tofauti na wenzake. Ukisikia anatumia maneno ya zamani, hujui kitu, maana pengine nyumba nzima ilizungumza hivyo na wengine wakabadilika. Lakini ukimsikia anatumia maneno yaliyozaliwa Pemba, ambayo hayakuwahi kuwepo kwingine kokote, huyo mtoto ametoka Pemba au amelelewa na mtu wa huko. Kinachotofautisha mambo hayo mawili si ukongwe wa lugha, ni alama za mahali. Na ili uzijue alama hizo lazima kwanza uwe umekwenda kuwasikiliza Wapemba, na watu wa Mvita, na wa Lamu, na wa sehemu nyingine nyingi.

Kazi hiyo ya kusikiliza lahaja ilikuwa inafanywa Illinois, Marekani, na mwanabaiolojia Carl Woese. Alichukua RNA ya kipande kidogo cha ribosomu kutoka bakteria wa kila aina na kuorodhesha vipande vyake. Linda Bonen alijifunza ufundi huo kwake, kisha akaupeleka Halifax, Kanada, kwenye maabara ya Ford Doolittle. Huko wakachukua mwani mwekundu wa seli moja, Pofiridiamu, wakaulisha fosforasi yenye mnururisho ili RNA yake iweze kuacha alama kwenye filamu. Wakatenga RNA ya ribosomu za kloroplasti upande mmoja, na ya ribosomu za sitoplazimu ya seli hizohizo upande mwingine. Kila moja wakaikata kwa kimeng'enya kinachokata kila baada ya herufi G tu. Vipande wakavitandaza kwa umeme kwenye karatasi, kwanza upande huu kisha upande ule, hadi vikawa madoa meusi kwenye filamu, kila doa kipande chake, kikisubiri kusomwa herufi kwa herufi.

Swali la yule binti lina jibu lake ndani ya jaribio hilo. Kama kloroplasti ilizaliwa ndani ya seli yenyewe, RNA yake ingepaswa kuwa ndugu wa karibu wa RNA ya sitoplazimu ya seli hiyohiyo, maana wangekuwa wametoka tumbo moja. Majibu yalitoka mwaka 1975, na hali ilikuwa kinyume. Orodha ya kloroplasti ilifanana na ya bakteria, na ilikuwa mbali kabisa na ya sitoplazimu iliyoizunguka. Jirani aliyekaa naye nyumba moja hakuwa ndugu yake. Ndugu zake walikuwa nje, sianobakteria, wale wa kijani kibichi kinachoelekea buluu wanaotanda juu ya maji yaliyotuama.

Mitokondria ilisumbua zaidi, na sababu yake inafaa kujulikana. DNA ya mitokondria za wanyama inabadilika haraka mno. Alama za asili zimefutikafutika, kama mzaliwa wa Pemba aliyekaa bara miaka hamsini. Mimea inabadilisha herufi zake za mitokondria polepole sana, kwa hiyo Bonen na Doolittle wakaungana na Michael Gray, aliyekuwa chuo kilekile cha Dalhousie, wakatumia viini vya mbegu za ngano. Mwaka 1977 wakaonyesha kwamba RNA ya ribosomu za mitokondria ya ngano ni ya kibakteria. Kufikia 1985, kwa kulinganisha herufi zote badala ya vipande, ukoo ulikuwa umepatikana, alfaproteobakteria. Ndani ya ukoo huo yumo Riketsia, anayeleta homa ya kuumwa na kupe, mdudu ambaye hadi leo anaishi ndani ya seli za wengine.

Hapa nataka niseme wazi jambo linalonikera katika vitabu tunavyofundishia. Ile "70S" tunayowakaririsha watoto si ushahidi wenye nguvu, na kwa binadamu hata si kweli. S ni kipimo cha kasi ya kitu kuzama kinapozungushwa kwa nguvu sana kwenye mashine. Ribosomu ya bakteria ni 70S, ya kloroplasti ni 70S, lakini ya mitokondria zetu ni 55S, kwa sababu RNA yake imepunguzwa sana. Uzi wa RNA wa kipande kidogo una herufi 954, wakati wa bakteria E. koli una 1,542. Mwanafunzi akipima kwa S peke yake atasema ribosomu ya mitokondria yetu haifanani na ya bakteria wala ya sitoplazimu yenye 80S. Undugu hauko kwenye ukubwa. Uko kwenye herufi, na kwenye matundu ambamo dawa zinaingia.

Upande wa mimea niliwahi kuliona jambo hili kwa macho, miaka mingi kabla ya mjomba kuugua, nilipokuwa mwanafunzi kwenye maabara ya tishu kalcha, ya kuotesha mimea kutoka vipande vidogo. Fundi wa maabara alikuwa ameotesha mbegu za tumbaku kwenye sahani mbili za chakula laini kama jeli. Sahani moja ilikuwa na spektinomaisini, antibayotiki inayokamata kipande kidogo cha ribosomu ya bakteria. Baada ya wiki mbili sahani isiyo na dawa ilikuwa kijani tupu. Ile yenye dawa mbegu zilikuwa zimeota vizuri, mizizi imeshuka, vijani viwili vimefunguka, na kila mche ulikuwa mweupe kama maziwa. Haukuwa umekufa. Ulikuwa unaishi kwa sukari iliyomo kwenye sahani, kwa kuwa ribosomu za kloroplasti zilikuwa zimezimwa na hakuna mtambo wa usanisinuru uliojengwa. Dawa ya kuua bakteria imeondoa ukijani kwenye jani! Fundi alituambia kwamba mara mojamoja, kati ya vipande vingi vyeupe, chipukizi moja hutoka kijani. Ukisoma DNA ya kloroplasti yake unaweza kukuta herufi moja imebadilika kwenye jeni ya RNA ya ribosomu, herufi ileile ambayo ikibadilika kwa bakteria humfanya awe sugu.

Binadamu ana mfano wake wa namna hiyo, lakini kwa kinyume, na ni wa kusikitisha. Kwenye RNA ya kipande kidogo cha ribosomu ya mitokondria kuna nafasi inayoitwa 1555. Watu wengi hapo wana herufi A, na ng'ambo yake, pale uzi ulipojikunja, kuna C. A na C hazishikani, kwa hiyo mahali hapo pamelegea. Bakteria mahali hapohapo ana G na C zilizoshikana, na ndipo gentamaisini na kanamaisini zinapopata pa kukaa. Kuna watu wachache ambao A yao imegeuka G. Ikigeuka, inashikana na C, na ribosomu ya mtu inarudi kuwa na umbo la babu yake bakteria. Mtu huyo anaweza kuishi maisha yake yote akisikia vizuri, mpaka siku anapochomwa sindano za dawa hizo kwa kipimo cha kawaida kabisa. Anakuwa kiziwi, na usikivu haurudi, kwa sababu seli za sikio la ndani zinazonasa sauti zikifa hazioti tena. Badiliko hili lilitambuliwa mwaka 1993, katika ukoo mmoja wa Waarabu wa Israeli na familia za Kichina ambamo uziwi ulikuwa unafuata upande wa mama.

Si kila aliyekuwa kiziwi kwa sindano za kifua kikuu ana herufi hiyo. Dawa hizi zina njia nyingine za kuua seli za sikio, na kipimo kikubwa kwa miezi mingi kinaweza kumziwisha mtu yeyote. Kanamaisini iliondolewa kwenye mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani kwa kifua kikuu sugu mwaka 2018, na vidonge kama vya mjomba vikachukua nafasi. Lakini gentamaisini bado inachomwa kila siku mahospitalini. Swali la kumuuliza mgonjwa kabla ya sindano halihitaji mashine: kuna mtu upande wa mama yako aliyepoteza usikivu baada ya kuchomwa sindano?

Kuna swali lingine ambalo wanafunzi huniuliza kila mwaka. Kama ni bakteria, mbona hatuwezi kuzitoa tukazikuza kwenye sahani? Ivan Wallin, Mmarekani, alidai miaka ya 1920 kwamba ameweza, na alichokuza kilidhaniwa na wenzake kuwa ni bakteria wa kawaida walioingia kwa uchafuzi, jambo lililoiharibia hoja nzima jina kwa miongo. Haiwezekani, kwa sababu mitokondria imeshakabidhi karibu kila kitu. Hata protini za ribosomu yake yenyewe, takriban 80, jeni zake ziko kwenye kiini cha seli. Zinatengenezwa sitoplazimuni na kuingizwa ndani moja moja. Imebaki na RNA yake na vipuri 13. Safari hiyo ya kukabidhi inaonekana vizuri kwa kiumbe kidogo cha maji baridi kiitwacho Reklinomonasi, ambacho mitokondria yake ilisomwa mwaka 1997. Ina jeni 97. Humo bado zimo jeni za mtambo wenyewe wa kibakteria wa kunakili DNA kuwa RNA, ambao sisi tumeupoteza na kutumia mwingine. Ni kama kukuta nyumba ya ukoo ambayo bado inatunza hati ambazo nyumba nyingine zilishazipeleka kwa msajili.

Mjomba alimaliza dawa zake miezi sita. Damu ilipanda yenyewe ndani ya wiki chache baada ya kipimo kupunguzwa, lakini vidole vimechukua zaidi ya mwaka, na viwili vya mguu wa kushoto bado vina ganzi. Jumapili moja nilimchorea haya yote kwenye mchanga pale uani, duara, jeni 37, tundu la ufunguo. Alisikiliza kama anavyosikiliza kesi za mashamba, bila kukatiza. Nilimwambia pia kwamba mitokondria zake alipewa na bibi, mama yake, na mama yangu alipewa hizohizo, akanipa mimi. Ribosomu iliyozimwa kwenye vidole vyake imeandikwa kwa herufi zilezile nilizo nazo miguuni mwangu.

"Na wanangu?" akauliza.

"Wanao wana za mama yao, mjomba."

Akaiangalia ile duara mchangani muda mrefu. "Kwa hiyo damu ya mama imebaki kwako," akasema. "Ndiyo maana wewe ndiye uliyenisemea."